Neno "Ndio" kwenye Swali: Kutoka Madesa Yaliyovurugika hadi Mpango wa Insha

(Mazungumzo na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa historia, Jumamosi asubuhi. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Habari za asubuhi, wadogo zangu. Nawashukuru waliowahi, na hao wanaoingia kwa kunyata nawaona. Karibuni, viti vya mbele viko vitupu kama kawaida.

Nimeombwa nizungumzie insha. Wengi wenu mmepewa swali juzi, maneno 1500, wiki mbili, na mhadhiri hakutoa muhtasari wowote wa namna ya kulijibu. Sekondari tulizoea kuambiwa: eleza maana, taja sababu sita, hitimisha. Hapa umepewa mstari mmoja tu, nawe una daftari lenye mihadhara mitatu uliyoiandika mbiombio, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, mishale kila upande.

Nianze na aibu yangu. Insha yangu ya kwanza chuoni niliipanga kwa kufuata daftari. Alichosema mhadhiri kwanza nikakiweka aya ya kwanza, alichomalizia nacho nikamalizia nacho. Nilidhani nimefanya kazi safi. Ikarudi na mstari mmoja wa wino mwekundu: "Umenisimulia nilichokufundisha. Swali langu umeliacha wapi?" Alama sitazitaja, kuna watu hapa wananiheshimu.

(Kicheko.)

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba mhadhara una mpangilio wa insha. Mhadhiri anafuata mada. Anaanzia mbali, anakumbuka kisa, anajibu aliyeuliza nyuma, anarudi alikoishia. Swali la insha linaikata mada hiyo kwa pembeni, na mambo yanayolihusu yametawanyika kurasa kumi na mbili. Ukiyafuata kwa mpangilio wa kurasa, utapata simulizi.

Leo nitashika swali moja mpaka mwisho. Ni la semina yangu ya mwaka jana: "Je, ukame ndio uliosababisha upungufu wa chakula nchini Tanzania mwaka 1974 na 1975? Jadili." Na hili hapa ni daftari la binti mmoja wa semina hiyo, kaunta buku la kurasa mia mbili, amenikubalia nilionyeshe bila jina lake. Nasoma ukurasa mmoja kama ulivyo:

"5/2/67 Azimio. Ujamaa Vjj Sept 67. Litowa, Ruvuma – 69 marufuku (kwa nini? atarudia). Op. Rufiji, Dodoma, Kigoma. Klerruu – Isimani – Krismasi 71!! Madaraka mikoani 72. Hiari → amri, Nov 73. Mafuta 73. Mvua haba. Ramani – barabarani. Bei mahindi – MUHIMU. Kufa na Kupona. m2 → m13. Sio wote walihama! Ushirika 76."

Mnacheka, lakini lenu halina tofauti. Na huu si ukurasa mbaya. Karibu kila kitu cha kujibia swali kimo humu, ila huwezi kukiona.

Jambo la kwanza alilotaka kufanya ni kunakili madesa upya kwa mwandiko mzuri, na kalamu za rangi tatu alikuwa amekwisha kununua. Nikamwomba asifanye. Kunakili kunakula jioni nzima, unapata ukurasa safi wenye vurugu ileile, na mbaya zaidi unajisikia umefanya kazi. Nikamwambia afunge daftari kwanza, tukae na swali peke yake.

Lisomeni polepole. Wengi walisoma "ukame", "chakula", "1974", wakakimbilia kutaja sababu za njaa. Lakini swali halikuuliza kama ukame ulisababisha upungufu. Limeuliza kama ukame *ndio* uliosababisha. Ninyi ni Waswahili, mnajua kazi ya neno hilo. Nikisema "Juma alivunja kikombe", huenda na wengine walivunja vyao. Nikisema "Juma ndiye aliyevunja kikombe", nimemkamata Juma na kuwaachia wengine wote. Kwa hiyo swali lina mshitakiwa mmoja, na kazi yako ni kuamua kama anabeba kesi peke yake. Insha nzima imo ndani ya "ndio". Wale waliotaja sababu sita, ukame ikiwa mojawapo, hawakujibu hata wangetaja kumi.

Kisha tazama mipaka: Tanzania, miaka miwili. Na lile neno linalopita kimyakimya, "upungufu wa chakula". Upungufu wapi? Nitalirudia, maana ndilo lililotusumbua kuliko yote.

Baada ya hapo ndipo daftari lilipofunguliwa. Tulichukua karatasi za kawaida tukazikata vipande vinne vinne. Sharti lilikuwa moja, gumu kuliko linavyosikika: kila kipande kibebe jambo moja, na liwe sentensi kamili, yenye kitenzi, kwa lugha unayoiotea ndoto. Pembeni, tarehe ya mhadhara na ukurasa, ili usije ukautafuta usiku wa kuamkia kukabidhi.

Kwa nini sentensi? Chukueni "Ramani – barabarani". Hayo ni majina mawili na kistari. Hayadai kitu, kwa hiyo hayawezi kuthibitisha kitu. Nikamuuliza, ramani ilifanya nini? Akafikiri, akakumbuka mhadhiri akichora ubaoni, akaandika: "Vijiji vipya vingi vilipangwa kando ya barabara, hivyo baadhi ya wakulima wakajikuta mbali na mashamba yao ya zamani." Hapo pana kitu. Sentensi hiyo inaweza kuwa kweli au uongo, na inaanza kunusa chakula. Mtu anayetembea saa nzima kwenda shambani hapalilii kama aliyelala pembeni yake, wala hawafukuzi ndege na nguruwe alfajiri.

"Hiari → amri, Nov 73" ikawa: "Mpaka 1973 watu wengi walihimizwa kuhamia vijijini, Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na mwisho ukawekwa 1976." Na "m2 → m13" ikaeleweka: watu waliokuwa vijijini walikuwa milioni 2 hivi mwaka 1973, na katika miaka michache wakafika milioni 13 hivi. Mshale mdogo, lakini ndani yake kuna nchi nzima imebeba vyungu kichwani.

Vipande vingine viligoma. "Bei mahindi – MUHIMU" alishindwa kabisa kuigeuza sentensi. Bei ilipanda? Ilishuka? Muhimu kwa nani? Neno MUHIMU uliloandika kwa haraka halina msaada wowote wiki mbili baadaye. Linakuambia tu kwamba siku ile ulielewa. Dawa yake ni kumfuata mwenzako aliyekaa karibu, na kama naye ameandika MUHIMU, nendeni pamoja ofisini kwa mhadhiri mkiwa na swali moja. Walikwenda. Kumbe hoja ilikuwa hii: serikali ilipanga bei ya mahindi, na kwa miaka kadhaa kabla ya 1974 bei hiyo haikumvutia mkulima kuyauza kwenye njia rasmi, kisha kuanzia 1974 ikapandishwa. Angeliacha neno lile lilivyo, hoja nzuri kuliko zote ingebaki daftarini.

Vilipatikana vipande 23. Akavitandaza kitandani, akaviuliza vyote swali moja: wewe unaifanyia nini ile "ndio"? Unamtia hatiani ukame, unamwondolea lawama, au humjui kabisa?

Wasiomjua walikuwa wengi. Tarehe ya Azimio la Arusha ni muhimu kwa nchi, lakini haisemi lolote kuhusu mahindi ya 1974. Kijiji cha Litowa na vijiji wenzake vya Ruvuma, ambavyo chama chao kilipigwa marufuku 1969, ni kisa kizuri kuhusu hiari, si kuhusu njaa hii. Madaraka mikoani, kuvunjwa kwa vyama vikuu vya ushirika 1976, vyote nje. Hapa wengi hulia, maana unatupa nusu ya ulichosikiliza. Usitupe kwenye pipa, lakini. Tia kwenye bahasha.

Nami hapa niliteleza, ni haki niseme. Kuhusu Dakta Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa aliyeuawa na mkulima kule Isimani siku ya Krismasi 1971, nilimwambia binti atie kwenye bahasha. Kisa kina damu, kila mwanafunzi anataka kukitumia, na kimetangulia ukame kwa miaka miwili. Akakataa, kwa adabu. Akasema, "Mwalimu, Isimani walilima nini?" Mahindi. Isimani lilikuwa eneo la wakulima wakubwa wa mahindi ya kuuza. Ugomvi wa ardhi pale unaonyesha kwamba wazalishaji wa mahindi ya soko walianza kusukwasukwa kabla mvua hazijagoma. Kwa hiyo kisa kilirudi mezani, si kama kisa cha mauaji, bali kama sentensi moja yenye kazi. Angeweka aya nzima ya mauaji, ningekuwa sahihi mimi.

Sasa akabaki na mafungu mawili, akataka kuanza kuandika: aya za kumtia hatiani ukame, aya za kumtetea, hitimisho la "sababu zilikuwa nyingi". Hapo ndipo mipango mingi ya insha inapofia. Hitimisho la "sababu ni nyingi" lingeweza kuandikwa bila kusoma chochote.

Nikamwomba avipange vipande vilivyobaki kwa tarehe, mwezi kwa mwezi pale anapojua. Mvua haba: misimu ya 1973/74 na 1974/75. Amri ya kuhamia vijijini: Novemba 1973. Uhamishaji mkubwa: 1974, na mahali pengine watu walihamishwa wakati wa kulima au wa kuvuna. Bei ya mafuta duniani: mwishoni mwa 1973. Akavitazama kwa muda, akasema, "Mbona vimeangukia mahali pamoja?"

Naam. Na hicho ndicho kiini cha swali lenyewe. Mshitakiwa na wenzake walikuwa nyumba moja usiku mmoja, kwa hiyo tarehe peke yake haiwezi kuwatenganisha. Daftari lake halikuwa limemwambia hivyo mahali popote, wala mhadhiri hakusema. Aliliona kwa sababu vipande vilikuwa vinasogezeka. Katika kaunta buku, mvua na amri zilikuwa zimekwama kila moja mahali pake.

Kama tarehe haitenganishi, nini kitenganishe? Mahali. Kipande kimoja alichokuwa amekiweka pembeni kilisema "Sio wote walihama!" Kilimanjaro na Bukoba, kwenye migomba na kahawa, watu tayari walikaa karibukaribu na operesheni haikuwagusa sana. Kwa hiyo unaweza kuuliza: mahali mvua zilipokosekana lakini watu hawakuhamishwa, ilikuwaje? Na mahali mvua zilipokuwa afadhali lakini watu walihamishwa? Daftari halikuwa na jibu. Akachukua karatasi ya rangi nyingine, akaandika swali hilo, akaliweka katikati ya safu. Hilo ni pengo, na pengo lina nafasi yake kwenye mpango kama hoja ilivyo na yake. Alikwenda maktaba akiwa na swali la mstari mmoja. Wenzake walikwenda kutafuta "vitabu vya ujamaa" wakarudi na saba wasivyovifungua.

Maktaba ikamrudisha kwenye lile neno nililoahidi kulirudia. Takwimu alizozikuta zilikuwa za mahindi yaliyonunuliwa na serikali, yaliyofika Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC. Akazileta kwa furaha: "Mwalimu, mavuno yalianguka!" Nikamwuliza, haya ni mavuno au mauzo? Gunia lililoliwa nyumbani halimo. Gunia lililouzwa usiku kwa mfanyabiashara halimo. Mwaka wa wasiwasi, mkulima mwenye akili hufunga ghala lake kwanza. Kwa hiyo mauzo rasmi yanaweza kuanguka kuliko mavuno, na mjini mkakosa unga huku kijiji fulani kina akiba. Upungufu ulikuwepo, serikali iliagiza nafaka nyingi kutoka nje, hilo halina ubishi. Lakini "upungufu kwenye maghala ya serikali" na "upungufu kwenye chungu cha mkulima" ni vitu viwili, na ukame unaeleza cha pili vizuri zaidi kuliko cha kwanza. Bei inaeleza cha kwanza.

Sasa mnaona mpango unavyojitokeza? Hatujauandika bado, lakini sentensi ya jibu imekwisha iva. Aliiandika hivi, kwa penseli: "Ukame ulipunguza mavuno kweli, lakini haukuwa peke yake: mvua zilikosekana wakati uleule watu walipokuwa wakihamishwa, na baada ya miaka ambayo bei haikumvutia mkulima kuiuzia serikali mahindi." Penseli, kwa sababu jibu la mpango huruhusiwa kubadilika. Na lilibadilika kidogo, nitawaambia.

Chini yake akaweka aya, kila moja kwa sentensi, si kwa kichwa cha habari. "Bei" si aya. Alikuwa na hizi. Kwanza, takwimu tulizonazo zinapima zaidi mahindi yaliyouzwa serikalini kuliko yaliyovunwa. Pili, ukame wa misimu ile miwili ulikuwa wa kweli na ulipunguza mavuno. Tatu, hata hivyo uhamishaji uliangukia misimu hiyohiyo, ukawatenga wakulima na mashamba yao. Nne, isitoshe, wauzaji wa mahindi walikuwa wamekwisha kurudi nyuma kabla ya mvua kugoma, kwa ajili ya bei, na kwingine, kama Isimani, kwa ugomvi wa ardhi.

Kupima mpango kama huu nina njia moja tu ninayoiamini. Soma sentensi za aya mfululizo, na usikilize kiunganishi gani kinataka kukaa kati yake. Kikikubali "lakini", "kwa hiyo", "hata hivyo", hoja inatembea. Kama kila mahali panakaa "pia" na "vilevile" peke yake, una orodha ya sokoni: nyanya, pia vitunguu, vilevile chumvi. Orodha unaweza kuichanganya upya bila mtu kujua. Hoja ukibadilisha aya mbili mahali, inavunjika, na kuvunjika huko ndiko kunakokuambia ni hoja.

Tulipoisoma yake, "isitoshe" ilitia shaka, nayo ikatupeleka kwenye jambo moja lililokuwa kwenye bahasha. Mwishoni mwa miaka ya 1970, mahindi yaliyouzwa serikalini yaliongezeka sana. Na vijiji vilikuwa palepale! Kama kijiji chenyewe ndicho kilichoua kilimo, nyongeza hiyo ilitoka wapi? Mvua zilirudi, bei zilikuwa zimepanda, na ile fujo ya kuhama ilikuwa imepita. Kwa hiyo akaongeza aya ya tano, na jibu la penseli likafutwa nusu: kilichodhuru hakikuwa kuishi kijijini, ni kuhamishwa kwa haraka ndani ya msimu. Ona kwamba ushahidi huu unamsaidia hata mtetezi wa ukame, maana mvua nazo zilirudi. Aliukubali waziwazi ndani ya aya. Msomaji wako ataliona hilo hata usipolisema, afadhali liseme mwenyewe.

Mwisho kabisa akagawa maneno. Utangulizi 100, aya ya takwimu 200, ukame 200, uhamishaji 450 pamoja na lile swali la mahali, bei na Isimani 250, miaka ya baadaye 200, hitimisho 100. Jumla 1500. Uhamishaji ulipata fungu kubwa kuliko wengine wote kwa sababu ndiko kesi iliko. Bila mgao huo, nawajua, maneno 600 yangeishia Azimio la Arusha.

Ndiyo, dada pale nyuma.

(Aliuliza: "Kazi hii yote ya vipande inachukua muda gani? Tuna kozi tano.")

Yeye alitumia jioni mbili na asubuhi moja ya maktaba. Kuandika insha yenyewe kukachukua siku moja, maana hakukaa akiutazama ukurasa mtupu. Ukiwa na siku mbili tu, usikate vipande 23. Fanya swali, sentensi ya jibu, na sentensi tano za aya, kisha rudi daftarini kutafuta tu kinachozihusu. Utakosa kilichojificha, kama ile "Sio wote walihama!", lakini hutarudia kosa langu. Na kumbukeni, daftari si chanzo cha kunukuu. Kila kipande utakachokitumia kitafutie kitabu au makala yake kabla ya kukiandika.

(Kijana mmoja akauliza lile swali la mahali lilijibiwaje.)

Nusu tu. Alipata habari za kutosha kuhusu maeneo yaliyohamishwa, na chache kuhusu yale yasiyohamishwa, tena huko chakula ni ndizi, si mahindi, kwa hiyo ulinganisho unachechemea. Aliandika hivyohivyo, sentensi mbili, kwamba ulinganisho huu una kikomo chake na kwa nini. Msahihishaji aliweka alama ya vema pembeni ya sentensi hizo mbili.

Bahasha bado anayo. Muhula uliofuata swali lilihusu hiari na amri katika vijiji vya ujamaa, akakitoa kipande cha Litowa, kikiwa na tarehe na ukurasa wake pembeni.

Haya, nani mwingine? Madaftari yenu mnayo, leteni moja hapa mbele tulikate.